Namna ya Kutunga na Kufumbua Methali Zenye Neno Lililofichwa

Methali ya "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji" ina silabi 8 kabla ya kituo na silabi 8 baada yake. Ukilificha neno "tembo" na kumpa fumbo hilo mwanafunzi wa Mafinga au Njombe, usishangae akiandika "ulanzi", kwa kuwa mgema anayemfahamu yeye hugema mianzi wala hapandi minazi. Jibu lake lina mantiki, lakini methali yenyewe inalikataa mara mbili: inalikataa kwa hesabu ya silabi, na inalikataa kwa kiambishi kimoja kidogo kilichojificha ndani ya kitenzi "hulitia". Mwongozo huu unahusu ushahidi wa aina hiyo, yaani jinsi ya kuutambua ndani ya methali, na jinsi ya kutunga fumbo ambalo hata mtu asiyewahi kuisikia methali anaweza kulifumbua kwa kuyasoma kwa makini maneno yaliyobaki.

Ninawaandikia hasa walimu na wazazi wa huku Nyanda za Juu Kusini. Methali nyingi za Kiswahili zilizaliwa pwani na zinataja minazi, majahazi na samaki wa baharini, ilhali mtoto wa Tukuyu, Mbozi au Makete huzungumza Kinyakyusa, Kinyiha au Kikinga na bibi yake, na methali alizozisikia kwao zina maneno mengine. Fumbo linalodai kumbukumbu peke yake humpima mtoto huyo iwapo alikwisha kuisikia methali au la, na asipokuwa ameisikia hana la kufanya ila kubahatisha. Fumbo lililotungwa juu ya umbo la methali humpa mahali pa kuanzia.

Tafuta kituo, kisha hesabu silabi

Isome methali kwa sauti mara mbili au tatu na usikilize mahali ambapo pumzi inataka kupumzika. Katika "Aliye juu mngoje chini" pumzi hupumzika baada ya "juu", na katika "Fuata nyuki ule asali" hupumzika baada ya "nyuki". Mahali hapo ndipo penye kituo, na methali sasa ina nusu mbili, kama mshororo wa shairi la tarbia ulivyo na ukwapi na utao. Methali isiyo na kituo cha wazi, kwa mfano "Ulimi hauna mfupa", iweke kando. Ni methali nzuri, ila haina nusu mbili za kulinganisha, kwa hiyo haifai kwa aina hii ya fumbo.

Baada ya kupata kituo, hesabu silabi za kila nusu. Kila irabu inayotamkwa ni silabi moja, hivyo "juu" ina silabi 2 na "guu" vilevile. Tatizo huwa ni herufi m na n zinapotangulia konsonanti. Kiambishi m- cha ngeli husimama peke yake kama silabi kamili: m-ge-ma, m-to-to, m-bu-nge. Katika maneno kama "mbuzi", "ndizi" na "jembe" herufi hizo zimeshikamana na konsonanti inayofuata, hivyo tunahesabu mbu-zi, ndi-zi, je-mbe. Maneno mafupi sana kama "mbu", "nge" na "nchi" hurudi kwenye hesabu ya silabi 2, kwa sababu mkazo wa neno huangukia kwenye ile m au n ya mwanzo. Mwenye shaka apige kofi taratibu kwa kila silabi huku akitamka; masikio husahihisha mengi ambayo macho huyapita.

Hesabu "Aliye juu mngoje chini" na utapata 5 na 5: a-li-ye-ju-u, kisha m-ngo-je-chi-ni. "Haraka haraka haina baraka" ni 6 na 6, "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni 7 na 7, na "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" ni 8 na 8. Ulinganifu huu haupo katika kila methali, na mtunzi asiulazimishe. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ni 7 na 8, na "Haba na haba hujaza kibaba" ni 5 na 6. Tofauti ya silabi 1 ni ya kawaida na masikio huivumilia. Tofauti inapokuwa kubwa, kama katika "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", ambayo ni 10 na 6, hesabu haiwezi tena kumwongoza mfumbuzi, na fumbo litasimama kwa kina peke yake, yaani ule mwangwi wa "mkuu" na "guu".

Kwa sababu hiyo ninapendekeza utaratibu ufuatao wa kuandika. Nusu zikiwa sawasawa kabisa, andika hesabu pembeni, kwa mfano 8:8, kisha acha mstari mtupu bila kuonyesha urefu wa neno, ili mfumbuzi mwenyewe ahesabu nusu iliyo kamili, atoe silabi zinazoonekana katika nusu yenye pengo, na apate idadi ya silabi anazozitafuta. Nusu zisipolingana, chora visanduku, kisanduku kimoja kwa kila silabi. Ninapenda kisanduku cha silabi kuliko cha herufi, kwa kuwa mtoto anayehesabu herufi huangalia karatasi tu, lakini anayehesabu silabi hulazimika kuitamka methali, na akiitamka ndipo mapigo yake humjia.

Chagua neno ambalo methali yenyewe inalitaja kwa siri

Hatua hii ndiyo inayotenganisha fumbo la haki na fumbo la kubahatisha, na ndiyo ninayoomba ipewe muda mrefu kuliko nyingine zote. Ukilificha neno, lazima maneno yanayobaki yawe na alama zinazoelekeza kwake. Mbali na mizani, alama hizo ni za aina tatu. Ya kwanza ni upatanisho wa kisarufi, yaani viambishi vya ngeli vilivyobaki kwenye vitenzi, vivumishi na viunganishi. Ya pili ni kina au mwangwi wa sauti. Ya tatu ni uhusiano wa maana kati ya nusu mbili: kinyume, chanzo na matokeo, kidogo na kikubwa. Neno lenye alama mbili au zaidi, ukihesabu na mizani, linafaa kufichwa. Lenye alama moja tu liache.

Chukua "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Tuseme umeficha "ufa". Kitenzi "usipoziba" hakina kiambishi cha kitu kinachozibwa, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu ngeli ya neno lililofichwa. Hesabu inadai silabi 2, lakini "shimo" na "tundu" nayo yana silabi 2, na yote mawili huzibwa. Mwanafunzi aliyeandika "tundu" hana kosa unaloweza kumwonyesha. Sasa ficha "ukuta" badala yake. Hesabu inadai silabi 3, hivyo "nyumba" na "choo" yanaanguka papo hapo. Mbele ya pengo kuna "utajenga", kwa hiyo kinachotafutwa hujengwa. Neno "ufa" limeachwa wazi, nalo humkumbusha mfumbuzi kwamba ufa hutokea kwenye kitu fulani, na kwamba uharibifu mdogo usiposhughulikiwa huishia kwenye kazi kubwa ya kitu hicho hicho. Alama zote zinaelekea sehemu moja. Methali ni ileile, lakini pengo la kwanza halifumbuliki na la pili linafumbulika.

"Kidole kimoja hakivunji chawa" inaonyesha jambo hilo kwa upande wa kinyume. Ukificha "chawa", hakuna kiambishi kinachokiwakilisha, na mfumbuzi anaweza kuandika "nazi", "jiwe" au chochote chenye silabi 2 kinachovunjika. Ukificha "kidole", kiambishi ki- kinaonekana mara mbili, katika "kimoja" na katika "hakivunji", mizani ya 6:6 inadai silabi 3, na "chawa" aliyebaki anakumbusha kitendo cha kumwua kwa kumbana kati ya kucha mbili. "Kisu" kinakataliwa na hesabu, na "mkono" unakataliwa na ki-.

Kuna mtego mmoja ambao watunzi wengi hawauoni. Kiambishi hu- cha mazoea, ambacho kimejaa katika methali, hakibadiliki kwa ngeli yoyote. Katika "Subira huvuta heri", ukificha "subira", kitenzi "huvuta" kinaweza kufuata mtu, mti, kitu au maji bila kubadilika hata herufi moja. Kwa hiyo usifiche kiima kinachofuatwa na hu- isipokuwa kuna alama nyingine yenye nguvu. Tumia, ikiwezekana, toleo lenye "yavuta", ambalo walau hupunguza ngeli zinazowezekana.

Fumbo la mgema, hatua kwa hatua

Turudi kwenye fumbo la mwanzo. Karatasi ya manila inasomeka hivi:

Mgema akisifiwa, ________ hulitia maji. (8:8)

Mfumbuzi aanze na nusu iliyo kamili: m-ge-ma-a-ki-si-fi-wa, silabi 8. Kisha ahesabu sehemu inayoonekana ya nusu ya pili: hu-li-ti-a-ma-ji, silabi 6. Zinabaki 2. Bado hajafikiria maana hata kidogo, na tayari "ulanzi", wenye silabi 3, umeondoka. "Komoni" nayo imeondoka, na "maziwa" pia.

Hatua ya pili ni kukichambua kitenzi. Katika "hulitia" kuna hu- ya mazoea, kuna -li-, na kuna "tia". Hiyo -li- ndiyo shahidi mkuu wa fumbo zima, kwa sababu inakiwakilisha kitu kinachotiwa maji, nacho ndicho neno lililofichwa. Kitu hicho basi ni cha ngeli ya li-ya. Hapa mwanafunzi mwenye akili atasema "pombe", neno lenye silabi 2 linaloafikiana kabisa na mgema. Mwalimu asimwambie kwamba amekosa. Amwombe aitamke methali nzima kwa kutumia neno hilo. Kwa pombe tungesema "huitia maji". Kwa ulanzi tungesema "huutia maji". Mwanafunzi anapoitamka "pombe hulitia maji" husikia mwenyewe kwamba kuna kitu hakikukaa sawa, na huko kusikia kuna thamani kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Hatua ya tatu ni kutafuta kinywaji cha mgema chenye silabi 2 na ngeli ya li-. Hapa ndipo mtoto wa Iringa anapokwama, kwani neno "tembo" kwake ni mnyama wa Ruaha, na mnyama huyo angepatanishwa kwa "humtia". Mtoto huyo hana upungufu wa akili. Amekosa taarifa moja, kwamba pwani kileo kinachogemwa kwenye mnazi huitwa tembo na hupatanishwa kwa li-. Taarifa hiyo mtunzi ana wajibu wa kuitoa. Njia ninayoiona kuwa ya haki ni kuandika chini ya fumbo dokezo la sentensi moja: "Kileo kinachogemwa kwenye mnazi, ambacho jina lake pia ni la mnyama mkubwa." Dokezo halimpi jibu mtu asiyesoma kwa makini, kwani bado lazima alipitishe jina hilo kwenye hesabu na kwenye -li-, lakini linaziba pengo ambalo hakuna hesabu ingeweza kuliziba.

Kufumbua pale alama zinapobakiza majibu mawili

Mpangilio wa mfumbuzi uwe uleule kila mara: hesabu kwanza, upatanisho pili, sauti tatu, maana mwisho. Wanafunzi hutaka kuanza na maana, na hilo linaeleweka, lakini maana hufungua milango mingi mno. Hesabu na upatanisho huifunga milango mingi kwanza, na maana ikija huchagua kati ya michache iliyobaki.

Mfano mzuri ni huu:

Usitukane wakunga, na ________ ungalipo. (8:8)

Nusu ya kwanza ni u-si-tu-ka-ne-wa-ku-nga. Katika ya pili tunaona "na", silabi 1, na u-nga-li-po, silabi 4. Zinabaki 3. Kiambishi u- mwanzoni mwa "ungalipo" kinakataa "watoto", ambao wangedai "wangalipo", na kinakataa "mimba", ambayo ingedai "ingalipo". Tunatafuta neno la silabi 3 linalopatanishwa kwa u-, lililo karibu na kazi ya wakunga. Majibu mawili yanapita vizuizi vyote: "uzazi" na "ukunga". Yote yana silabi 3, yote ni ya u-, na "ukunga" lina hata mwangwi wa "wakunga".

Umbo limefika mwisho wa uwezo wake, na sasa maana ndiyo inayoamua. Nusu ya kwanza inamkataza mtu kuwatukana watu fulani, na nusu ya pili inatoa sababu kwa neno "ungalipo", yaani bado lipo jambo litakalomrudisha kwao. Linalomrudisha mtu kwa mkunga ni kuzaa. Ukiweka "ukunga", nusu ya pili inasema tu kwamba kazi ya wakunga bado ipo, na tishio la methali linapungua nguvu. Ukiweka "uzazi", haja yako mwenyewe ndiyo inayokusubiri mbele ya safari. Kwa hiyo jibu ni "uzazi". Hata hivyo, ninashauri aliyeandika "ukunga" apewe alama nyingi, kwa sababu amepita hatua tatu kati ya nne bila kuteleza, na mtu huyo amejifunza kusoma methali hata kama hakuimaliza.

Kuna mahali umbo halisaidii kabisa kutofautisha. Katika "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno", yenye mizani 8:8, ukificha "chungu" kitenzi "kaona" kitasema kwamba ni kiumbe hai na hesabu itadai silabi 2, lakini "nyuki" atafaa kwa vyote viwili, na kumkuta nyuki juu ya ganda la muwa si ajabu. Chungu wa hapa ni mdudu wa jamii ya sisimizi, wala si chombo cha kupikia, jambo ambalo lenyewe linahitaji maelezo. Pengo la namna hii likipendwa sana na mtunzi, atoe silabi ya kwanza ya jibu.

Matoleo ya methali na majibu ya nyumbani

Kabla ya kuandika fumbo, ulizia methali hiyo kwa watu watatu au wanne wa mahali tofauti na usikilize wanavyoitamka. "Nyota njema huonekana asubuhi" na "Siku njema huonekana asubuhi" hutumika zote mbili, na "nyota" na "siku" yana silabi sawa na ngeli moja, kwa hiyo hakuna ushahidi wowote ndani ya methali unaoweza kulichagua mojawapo. Pengo likiwekwa hapo litazua ubishi usiokwisha. Lihamishie kwenye "asubuhi" na ubishi unakwisha.

Mara nyingine mizani yenyewe hukuonyesha toleo la kuchapisha. Wapo wasemao "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", na wapo wasemao "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe". Toleo la kwanza ni 7 na 9, la pili ni 7 na 7. Kwa fumbo chukua la pili. Vivyo hivyo "Mchumia juani hulia kivulini" ni 7 na 7, ilhali ukisema "hula" nusu ya pili inabaki na 6. Simaanishi kwamba wasemao "hula" wamekosea. Ninamaanisha kwamba fumbo linalotegemea mizani linahitaji toleo lenye mizani.

Methali zenye jembe, nyuki, jogoo na kivuli zinafaa kuanza nazo huku kwetu, kwa sababu zinataja vitu ambavyo mtoto anavijua. Lakini vitu vinavyojulikana huleta majibu ya nyumbani, na mtunzi ayatarajie. Katika "Haba na haba hujaza ________", mtoto anayewaona wauzaji wakipima nafaka Soko la Mwanjelwa ataandika "debe". Kisanduku cha silabi 3 humzuia, na kina cha -ba, kilichorudiwa mara mbili katika nusu ya kwanza, humwongoza kwenye "kibaba", kipimo cha zamani ambacho vinne vyake hufanya pishi moja. Katika "Jogoo wa shamba hawiki ________", mtoto wa Mbeya mjini anaweza kuandika "jijini", na hapo mtunzi hana pa kujitetea: "jijini" lina silabi 3 kama "mjini", linaishia na -ni, na lina maana inayofaa. Kwa hiyo ficha "shamba". Mizani ya 6:6 itadai silabi 2, "mjini" itadai kinyume chake, na "kijiji" na "porini" yataanguka kwa hesabu.

Methali za baharini zenyewe nisingependa ziachwe, ila ziwekewe masharti. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ina maneno matatu ya sehemu za chombo: tezi ni upande wa nyuma, omo ni upande wa mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo. Ukificha lolote kati ya hayo, aliyekulia Kitulo hana njia ya kulifikia, na dokezo lolote litakuwa sawa na kumpa jibu. Methali kama hiyo isomwe na kuelezwa darasani, wala isitobolewe pengo. Kwa upande mwingine, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi" ni ya baharini vilevile na bado inafaa, kwa kuwa ni 7:7, na ukificha "furaha" kinyume chake, "hasira", kipo wazi katika nafasi ileile ya nusu ya kwanza. "Faida" inakaribia sana, kwani ina silabi 3 na inakubaliana na "ya", lakini haikai mkabala na "hasira" kama "furaha" inavyokaa. Dokezo fupi kwamba mkizi ni kiumbe wa baharini linatosha.

Kulijaribu fumbo kabla ya kulitoa

Mpe fumbo mtu mmoja asiyeijua methali na mwombe afikiri kwa sauti. Usimsaidie. Sikiliza neno la kwanza analolitaja na sababu inayomfanya aliache. Akiliacha kwa kuwa ama hesabu ama kiambishi kimemkatalia, pengo liko mahali pazuri. Akitaja maneno matatu mfululizo na kila moja linapita, hamisha pengo. Akilitaja jibu mara moja bila kuhesabu, huenda anaijua methali, kwa hiyo jaribio hilo halihesabiki na utafute mtu mwingine.

Kwa kipindi cha dakika 40, methali 6 zinatosha kabisa. Anza na zile za kina kikali kama "Penye nia pana ________", ambapo sauti ya "nia" inaivuta "njia" karibu yenyewe, endelea na za kinyume kama "Aliye juu mngoje ________", kisha weka moja au mbili za upatanisho kama ya mgema, na umalizie na moja ambayo umbo hubakiza majibu mawili, kama ya wakunga. Ukianza na ya mgema, wengi watakata tamaa kabla hawajazoea kuhesabu.

Karatasi ya majibu isiwe na neno tupu. Andika jibu, na mbele yake andika alama zilizolithibitisha, kwa mfano: "tembo: silabi 2; -li- katika hulitia; kinywaji cha mgema." Andika pia majibu ya karibu unayoyakubali na unayoyakataa pamoja na sababu. Katika "huvunjika guu" kubali "mguu", kwa kuwa kina ni kilekile na nusu hizo hazilingani kiasi cha hesabu kukataa silabi moja ya ziada, labda uwe umechora visanduku 2. Mwanafunzi akileta neno ambalo hukulifikiria, lipitishe mbele ya darasa kwenye hatua zilezile nne, na likipita zote, liongeze kwenye karatasi ya majibu na ulihamishe pengo kabla ya kulitumia fumbo hilo kwa darasa linalofuata.